Saa moja na nusu kati ya shule na darasa la dini

Mtoto wa miaka tisa anayeishi katika mtaa uliosongamana huwa chini ya macho ya mtu mzima kwa sehemu kubwa ya siku. Asubuhi yuko kwa mwalimu wa shule, jioni yuko mbele ya ustadhi au katekista, usiku yuko nyumbani. Panapovuja ni katikati. Shule inafungwa saa 9 alasiri, darasa la dini linaanza saa 10 na nusu, na hapo pana saa moja na nusu ambayo kila mtu mzima anaamini mwenzake ndiye anayemwona mtoto. Mzazi yuko kazini na anajua mwanawe "yuko chuoni". Mwalimu wa shule amekwishafunga lango. Ustadhi hajafika. Mtoto yuko barabarani, na anacheza, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikingoja tangu asubuhi.

Nimeshughulika na watoto wa madarasa ya dini kwa muda mrefu, na mengi ya mabaya niliyosikia yakiwapata yalitokea katika saa hiyo: mtoto aliyegongwa akikimbilia mpira, mtoto aliyeitwa ndani ya nyumba na mtu asiyemjua, wavulana walioacha kabisa kuja darasani kwa kuwa saa hiyo iliwapatia wenzi wengine. Kwa hiyo swali la mahali pa kuchezea nimelianzia hapo. Je, mtoto yuko mikononi mwa nani kuanzia saa 9 hadi saa 10 na nusu, na kuanzia darasa linapotoka hadi anapobisha hodi kwao?

Watu wengi wakisikia "mahali pa kuchezea" hufikiria kiwanja, na katika mtaa ambao nyumba zimegusana kuta hakuna kiwanja. Mazungumzo huishia hapo. Lakini yako maeneo yaliyolipita swali hilo. Baada ya vita vya pili vya dunia, msanifu Aldo van Eyck alianza kuutengenezea mji wa Amsterdam sehemu za kuchezea katika mapengo yaliyobaki: kona ya njia, nafasi ya nyumba iliyobomolewa, kipande kati ya kuta mbili. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1947, na kwa takriban miaka thelathini zilifika zaidi ya mia saba. Nyingi zilikuwa na vitu vichache tu, yaani kisima cha mchanga chenye ukingo mpana wa kukalia, mawe ya kurukia, na mabomba ya chuma yaliyopindwa ili watoto wajipindue. Uingereza ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka 1938 iliziruhusu halmashauri kufunga barabara za makazi kwa magari katika saa maalumu ili watoto wacheze, na mamia ya barabara zilitumika hivyo kabla magari hayajaongezeka na kuzirudisha kwao.

Mimi naegemea njia hii ya pili. Uchochoro upo tayari, hauhitaji kununuliwa, na mara nyingi unapita mbele ya mlango uleule wa madrasa au kanisa ambako watoto wataingia baadaye. Kinachotakiwa ni kuupata kwa saa moja.

Nitaueleza mpango huo kwa uchochoro mmoja ninaoujua vizuri. Una urefu wa mita 70 na upana wa mita 6. Upande mmoja una madrasa yenye chumba cha mita tano kwa sita, ambamo hukaa watoto wapatao arobaini na tano. Piga hesabu: chini ya mita moja ya mraba kwa kila mtoto, akiwa ameketi. Uchochoro wenyewe una mita za mraba 420. Wakija watoto sitini, wa madrasa na wasio wa madrasa, kila mmoja ana mita saba. Hazitoshi kwa mpira wa timu mbili kamili, lakini zinatosha kabisa kwa kamba, kufukuzana, kuchora chini kwa chaki na michezo ya kurushiana mpira.

Jambo la kwanza tulilobishania lilikuwa wakati. Wazazi wengi walitaka watoto wasome kwanza, kisha wacheze. Linaonekana jambo la adabu, ila kwa watoto hawa halifanyi kazi. Mtoto ametoka kukaa dawatini tangu asubuhi. Ukimkalisha tena saa nzima, nusu ya darasa inaenda kwa ustadhi kutuliza miguu na mikono. Pia baada ya darasa jua linazama. Karibu na ikweta saa ya Magharibi haisogei zaidi ya nusu saa hivi kwa mwaka mzima, lakini kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini inasogea kwa saa kadhaa, na mchezo uliopangwa baada ya darasa ndio wa kwanza kufa siku zinapofupika. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mwili kwa nguvu ya wastani au zaidi. Dakika hizo hazipatikani gizani. Kwa hiyo mchezo ukawekwa kabla ya darasa, saa 9 na robo hadi saa 10 na robo.

Mpangilio huo uliziba pengo pia. Mtoto akijua uchochoro uko wazi, anatoka shuleni moja kwa moja hadi pale. Hazunguki. Anayekuja kucheza ameshafika darasani bila mtu kumfuata, na ustadhi akifika anawakuta mlangoni.

Kipingamizi kilichofuata kilitoka kwa akina mama, na kilikuwa cha haki. Mmoja alisema, "Ustadhi, mimi namfulia nguo za chuo usiku, kesho unanirudishia imejaa vumbi na chaki. Halafu aushike msahafu hivyo?" Ustadhi alimjibu, "Mama, umesema kweli. Zije mkobani." Ikawa nguo za darasa zinaletwa mkobani, mchezo unachezwa kwa nguo za shule au za nyumbani, na pakawekwa pipa la maji la lita mia mbili lenye bomba chini, pamoja na sabuni, kando ya mlango. Dakika kumi na tano za mwisho kabla ya darasa ni za kunawa, kutawadha na kubadili. Wasichana wana chumba chenye mlango, wavulana wana chao. Bila pipa lile mpango mzima ungekufa wiki ya kwanza, nami huwaambia wanaotaka kuanza kwao watafute maji kabla ya kutafuta mpira.

Sasa kufunga njia. Hapa watu huharakia kuweka jiwe na kamba, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kwanza tulikaa kwenye ncha za uchochoro alasiri kadhaa na kuandika nani anapita: magari ya wakazi, pikipiki zinazokata njia, mikokoteni ya mizigo, lori la taka. Ilionekana wazi kwamba wanaopita wengi hawaishi pale. Wanakwepa foleni ya barabara kubwa. Hao wana njia nyingine. Wakazi hawana, kwa hiyo wakazi hawazuiwi. Mlango ulibishwa kila nyumba, ikiwemo ya mzee asiyependa kelele na ya familia yenye mgonjwa, na tukaeleza siku, saa na jina la mtu wa kuitwa likitokea jambo. Halafu ndipo barua ikaenda kwa uongozi wa mtaa na polisi wa usalama barabarani, ikiwa na sahihi za wakazi. Barua inayotangulia sahihi huwa inakaa mezani.

Kizuizi chenyewe kiwe chepesi. Sisi tunatumia mbao mbili za kukunja zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kila ncha ya uchochoro, ambazo mtu mmoja anaweza kuziondoa kwa pumzi moja. Usiweke tofali, tairi lililojazwa zege wala mnyororo wenye kufuli. Gari la zimamoto linahitaji upana wa takriban mita nne, na gari la wagonjwa halina muda wa kutafutiwa ufunguo. Mkazi akija na gari, mlinzi wa ncha anapuliza filimbi mara mbili, watoto wanasogea ukutani, mbao inaondolewa, na mlinzi anatembea mbele ya gari kwa miguu mpaka linapoegeshwa. Dereva anamfuata kwa mwendo wake.

Mwendo huo una sababu yake. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka, ameshapita mita 14 kabla hajagusa breki, na kwenye lami kavu atahitaji nyingine kama hizo kusimama. Jumla inakaribia mita 28. Kwa kilomita 30 ni mita 13 hivi. Kwa mwendo wa mtu anayetembea ni chini ya mita mbili na nusu. Mtoto anayefuata mpira hutokea umbali wa mita tatu au nne mbele ya gari, si ishirini, na hasa anapotokea kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, ambako dereva hamwoni wala yeye hamwoni dereva. Ndiyo maana magari yaliyoegeshwa yalitusumbua kuliko yanayopita. Hatukufanikiwa kuyaondoa yote. Tuliyakusanya upande mmoja na ncha moja, na sehemu hiyo watoto hawachezi.

Katika kila ncha anasimama mtu mzima mmoja mwenye fulana inayong'aa, na wa tatu anazunguka katikati. Chini ya watatu hatufungui. Kuna siku tumewarudisha watoto ndani wakae na vitabu kwa kuwa mlinzi wa ncha ya pili hakuja, nao walilalamika sana. Ila mtoto aliyezoea kwamba uchochoro ni wake hatazami tena kulia na kushoto, na uchochoro uliofungwa nusu ni hatari kuliko ambao haukufungwa kabisa.

Kabla ya kufungua siku yoyote, yule wa katikati anautembea uchochoro mzima kwa miguu. Anatazama mifuniko ya mitaro, waya zinazoning'inia, vioo vilivyovunjika, misumari, na kama kuna kitu kipya kinachopandika. Anguko ndilo linaloumiza zaidi kwenye zege. Mtoto anayejikwaa akikimbia anachubuka goti na anaendelea. Anayeanguka kichwa kwenye zege kutoka kimo cha mita moja na nusu ni habari nyingine. Kwa hiyo sisi hatuweki bembea, ngazi wala kitu chochote cha kupanda juu ya uso mgumu. Mwenye mchanga wa kina cha kutosha chini ya kifaa, sentimita thelathini hivi na unaorudishwa kila unapotawanyika, anaweza kufikiria kifaa cha kupanda. Sisi tuna kamba ndefu mbili, chaki, mipira laini, na matairi makuukuu yaliyotobolewa ili yasitunze maji na mazalia ya mbu.

Paa la nyumba nalo hutajwa kila mara kama suluhisho la mtaa wenye msongamano. Mimi silipendi. Ukuta wa kuzuia uwe juu ya kifua cha mtoto mkubwa kuliko wote, usiwe na nondo za kulala ambazo mtoto atazifanya ngazi, usiwe na tangi wala kiti karibu nao cha kukanyagia, na awepo mtu mzima muda wote. Ni mapaa machache sana yana hayo yote.

Baada ya wiki chache kuna kitu hujitokeza, na usipokuwa unakitafuta hutakiona. Wavulana wa miaka kumi na mbili kwenda juu wanaanzisha mechi. Mechi inakua. Wadogo wanasogezwa ukutani, wasichana wanakaa kwenye vizingiti wakitazama, halafu wanaacha kuja, na kila mtu anasema wasichana hawapendi kucheza. Mji wa Vienna ulilichunguza jambo hili miaka ya 1990 na ukaona kwamba wasichana walipungua sana katika bustani za umma walipofikia umri wa miaka tisa au kumi. Walipopanga upya baadhi ya bustani, wakigawa sehemu za mpira vipandevipande, wakiongeza milango na kuweka nafasi za michezo mingine, wasichana walianza kurudi. Namna ya kulijua kwenye uchochoro wako ni rahisi: katikati ya saa ya mchezo simama na uhesabu wanaosogea na wanaotazama, ukitenga wasichana na wavulana, wadogo na wakubwa. Fanya hivyo tena wiki ijayo.

Sisi tuliukata uchochoro kwa chaki katika sehemu tatu. Mpira una theluthi ya mwisho, na goli zake zinaelekea ukuta usio na madirisha. Katikati ni kamba na michezo ya kundi. Theluthi iliyo karibu na mlango wa madrasa ni ya walio chini ya miaka saba. Mstari wa chaki haumzuii mvulana wa miaka kumi na tatu, lakini mtu mzima anayesimama juu yake anamzuia, na baada ya muda wakubwa wenyewe waliwakemea wenzao waliovuka. Wawili kati yao sasa ndio waamuzi wa michezo ya wadogo. Kwenye kizuizi, hata hivyo, hatumsimamishi mtoto, hata awe mkubwa na mwerevu vipi. Hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Lipo suala ambalo hulazimika kulisema kwa sauti kila tunapoanza mahali papya. Uchochoro si wa madrasa. Kwa kuwa ustadhi yupo, na watoto wanaingia kwake saa ikifika, ni rahisi majirani Wakristo kudhani mchezo ni wa watoto wa Kiislamu tu, au penye kanisa Waislamu kudhani kinyume chake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza bila kumuuliza anasali wapi. Kwa hiyo walinzi wa ncha wanatoka miongoni mwa wakazi, wa dini zote, na tangazo lililobandikwa linabeba jina la mtaa. Saa 10 na robo filimbi inapolia, wanaoingia darasani wanaenda kunawa, na wengine wanapelekwa au wanafuatwa na wa kwao. Uchochoro unafunguliwa kwa magari pale tu ambapo hakuna mtoto aliyebaki ndani yake.

Sasa nije kwenye mlango wa darasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Tunawaamini walimu wa dini, na wengi wao wanastahili. Ndiyo sababu hasa utaratibu usitegemee sura ya mtu. Anayetaka kumdhuru mtoto hutafuta mahali ambapo hakuna anayeuliza. Katika darasa letu hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja, hata kwa kumsikiliza sura aliyohifadhi. Mtoto anayehitaji kusikilizwa zaidi anasikilizwa mlango ukiwa wazi, mahali wengine wanapomwona. Madirisha hayazibwi kwa karatasi. Hakuna mtoto anayetumwa nyumbani kwa mwalimu kufagia au kubeba maji. Fimbo haipo. Mzazi yeyote anaweza kuingia wakati wowote akakaa nyuma. Na katekista wa kanisa la jirani, tulipozungumza, alikuta orodha yake ya mambo ya kuepukwa katika mafundisho ya kipaimara inafanana na yetu karibu neno kwa neno.

Daftari la mahudhurio ndilo linalounganisha yote. Lina safu tatu za ziada upande wa kulia: saa aliyofika mtoto, nani anaruhusiwa kumchukua, na saa aliyoondoka. Mtoto wa miaka minane anayetembea mwenyewe ameandikwa hivyo kwa idhini ya mzazi. Siku moja alikuja mwanamume akasema ni mjomba wa msichana fulani, ametumwa na mama yake. Jina lake halikuwamo. Mwalimu alimpigia simu mama mbele yake, kwa namba iliyo daftarini na si ile aliyotoa yeye. Alikuwa kweli mjomba, na alikasirika. Mama hakukasirika. Jina likaongezwa.

Mtoto asipofika saa 10 na nusu, simu inapigwa kwao kabla somo halijaanza. Mwanzoni simu zilikuwa nyingi na majibu ni yale yale: anaumwa, amelala, ameenda kwa bibi yake. Sasa wazazi wengi hutuma ujumbe mapema wenyewe. Ile saa moja na nusu imepata mtu anayeijibia.

Darasa likitoka hatuwaachii wote kwa pamoja. Watoto arobaini na tano wakimwagika kwenye uchochoro ambao sasa una pikipiki ni hatari ileile tuliyoiepuka mchana. Wanatoka kwa makundi kulingana na upande wanakoishi, wakubwa wakiwa na wadogo wa njia moja, na mlinzi mmoja anabaki kwenye kona ya barabara kubwa hadi kundi la mwisho livuke.

Kinachotushinda mara kwa mara ni watu. Walinzi watatu kwa siku tano ni zamu kumi na tano kwa wiki, na wanaoweza kusimama saa 9 alasiri ni wale wasio na ajira ya mchana, yaani akina mama wa nyumbani, wazee, na vijana wanaotafuta kazi. Tulipoanza na siku zote tano tulichosha watu haraka, na ncha zikaanza kubaki tupu. Tukarudi kwenye siku mbili, Jumanne na Alhamisi, zilizo imara. Siku nyingine watoto wanakuja mapema na kukaa ndani wakicheza michezo ya kukaa, mlango ukiwa wazi na mtu mzima wa pili akiwapo. Wazee wawili wa mtaa wameomba Jumamosi iongezwe asubuhi, kwa sharti kwamba wawekewe viti vyenye kivuli kwenye ncha zote mbili. Viti vipo. Kivuli cha ncha ya magharibi bado tunakitafutia turubai.